Doa Kwenye Mahameli ya Kijani

Doa lilikuwa la chai ya maziwa, upana wa kiganja, na lilikuwa juu ya kiti ambacho hata mtu hakuruhusiwa kukikalia, sembuse chai. Bi Harusi alisimama mbele yake na kikombe kitupu mkononi. Jina hilo alipewa na wifi yake kwa utani, na lilimganda ingawa harusi yenyewe ilishapoa zamani na bwana harusi alikuwa mbali kikazi. Alibaki na mama mkwe. Sasa mama mkwe alikuwa amesafiri kwenda kumuuguza dada yake, na kwa mara ya kwanza alimwachia mkamwana funguo. "Nyumba hiyo," alimwambia pale mlangoni, basi, hakuongeza neno. Alasiri hii ndiyo anarudi.

Baba mkwe, ambaye Bi Harusi hakumkuta, alikuwa fundi wa makochi. Maisha yake yote alivalisha viti vya watu, vya kwake akavivalisha mara moja tu: kochi refu na kiti chake cha dirishani, vyote kwa mahameli ya kijani iliyokolea. Kitambaa kile hakipo tena madukani, na mkono ulioshona haupo tena duniani. Tangu mzee azikwe hakuna aliyeketi kwenye kiti kile. Kila asubuhi mama mkwe hukipitishia kiti brashi laini, kimya, na Bi Harusi alishajifunza kukipitia mbali kama mtu anavyompitia mbali mbwa asiyemjua.

Sasa leo nini kilimkalisha? Mapenzi, na mtandao. Mume alipiga simu, na katika nyumba ile simu inashika dirishani tu. Alianza kwa kusimama, akaegemea, akajikuta ameketi. Mume akasema jambo la kuchekesha, na mtu anayecheka na kikombe mkononi ajue analolifanya. Maji yakimwagika hayazoleki, na chai ni vivyo hivyo.

Alikumbuka la shangazi yake aliyekuwa dobi: usisugue, kandamiza. Akakandamiza kwa taulo kavu mpaka chai ikaacha kupanda. Doa likabaki, la rangi ya udongo, likimtazama. Mama mkwe hakuwa mkali wa maneno. Ingekuwa maneno, Bi Harusi angeyazoea, kwao alikulia kwenye makelele. Huyu alikuwa mkali wa kunyamaza. Aliwahi kumwona akimnyamazia jirani aliyerudisha sufuria imepasuka, na jirani yule mpaka leo hapiti njia ile. Bi Harusi aliogopa, na hofu yake ilikuwa na sura kamili: atanyamaziwa, atarudisha funguo, na ataishi humo ndani kama mgeni mpaka azeeke.

Akampigia wifi yake.

Wifi alikaa mitaa miwili tu kutoka pale, na baba yake alimwita Cherehani kwa sababu mdomo wake ukishaanza hausimami mpaka mtu aushike gurudumu. Alifika na chupa mpya mkononi, dawa ya kusafishia makochi, aliyoisifia tangu getini. Alipoliona doa akacheka kwanza.

"Wifi, umekalia kuti kavu," alisema. Kisha hata yeye kicheko kikamkauka. "Kwenye kiti cha baba! Haya, leta ndoo, tumwagie dawa tusugue kabla hajaingia."

Bi Harusi alishika chupa akaigeuza. Nyuma, kwa herufi za kumsumbua mtu macho, iliandikwa ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana. Cherehani alisema hayo huandikwa tu kujaza karatasi, kwake alisafishia zulia likawa kama jipya. Bi Harusi akamjibu kwamba zulia lake si mahameli hii, wala rangi yake si rangi hii, na dawa iliyolipenda zulia inaweza kulichukia kochi. Shangazi alikuwa hagusi nguo ya mtu kwa sabuni ngeni kabla hajaigusa pindoni, upande wa ndani, kwa sababu pindo likiharibika linafichika, na kifua cha nguo hakifichiki.

Wakakisogeza kiti katikati ya chumba, wakakilaza taratibu. Nyuma, chini kabisa karibu na mguu, mahameli ilikunjwa na kupigiliwa misumari midogo, mahali ambapo jicho la mtu halifiki asipolala sakafuni. Bi Harusi alilowesha ncha ya kitambaa cheupe kwa dawa, akaikandamiza pale, akahesabu pumzi zake, akaiinua. Wote wawili wakainama kama wanaosoma barua ya msiba.

Kitambaa kilikuwa cheupe. Hakuna kijani hata chembe.

"Umeona?" Cherehani alishashika ndoo. "Rangi haitoki. Twende."

Na hapo Bi Harusi alitaka kweli kwenda. Moyo wote ulimwambia nenda, saa inakimbia, mama yuko njiani. Lakini mahameli pale ilikuwa bado imelowa, na kitambaa kilicholowa huwa cheusi zaidi, kinaficha mambo. Kutotoa rangi kwenye kitambaa cheupe ni nusu ya jibu. Kuna dawa hazing'oi rangi zikaipeleka kwingine. Zinaiua palepale ilipo, na maiti haionekani mpaka pakauke. Alimwambia wifi yake wasubiri. Akaleta feni, akaielekeza chini ya kiti.

Hakuna kungoja kubaya kama kule. Kila gari lililopita nje lilikuwa la mama. Kila mlio wa geti la jirani ulimpeleka dirishani, akirudi mikono imepoa. Cherehani alizunguka chumba akishona maneno: wangekuwa wameshamaliza, chai ya maziwa ikikaa inanuka, wifi yake ana moyo wa kuku. Bi Harusi alikuwa amepiga magoti, jasho jembamba likimtiririka mgongoni, akiangalia alama ile ikikauka kutoka pembeni kuja katikati.

Kwanza ukingo. Ulikauka ukawa wa kijani, kijani kilekile, akaanza kupumua. Kisha katikati. Alipepesa macho akidhani ni mwanga. Wakakisogeza kiti karibu na dirisha, na kwenye mwanga wa mchana jambo likawa wazi: mduara mdogo kama sarafu, wa manjano iliyofifia, rangi ya jani linalokufa. Aliupitishia kidole. Nyuzi zilikuwa laini vilevile, ila rangi haikuwepo tena.

Cherehani aliiweka ndoo chini. Wote waliangalia ndoo, kisha kiti, wakauona akilini ule mduara ukiwa umetanda kwenye kikalio chote cha kiti cha marehemu. Dawa haifai, na dawa nyingine hakuna.

"Basi tulifunike," Cherehani alisema. "Funika kombe mwanaharamu apite. Kitambaa cha kochi kile pale, tukihamishe."

Kwenye mgongo wa kochi refu kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, kikubwa, ambacho hakikuwahi kuondolewa. Hata kufuliwa hakikufuliwa; mama mkwe alikipangusa palepale. Siku moja Bi Harusi aliponyoosha mkono akinyooshe, mama mkwe aliutazama ule mkono mpaka ukarudi wenyewe. Kwa hiyo sasa alisema, "Wifi, usi—" lakini Cherehani alishashika pindo akavuta. Kitambaa kilikataa. Akavuta kwa nguvu, nyuzi zikakatika, kikatoka.

Chini yake kulikuwa na doa la manjano, pana kama sinia, limechirizika kwenda chini. Rangi ileile ya jani linalokufa.

Bi Harusi aliangalia doa lile, akaangalia mduara mdogo chini ya kiti, akaelewa, na kuelewa kukamwogofya kuliko chai. Kumbe alikuwa amefungua siri ya mtu ambaye alikuwa anamwogopa kuliko watu wote, na mikononi mwao kulikuwa na nyuzi zilizokatika ambazo hazirudi.

Geti likalia.

Hapakuwa na muda hata wa kukiinua kiti. Mama mkwe aliingia na kikapu chake, akasimama. Aliona kiti kimelala, feni inazunguka, ndoo, chupa. Kisha akaona kochi. Kikapu akakiweka sakafuni polepole sana.

Cherehani alifungua mdomo, usitoke mshono hata mmoja. Ni Bi Harusi aliyesema, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe kwa udogo wake.

"Mama, nilikikalia kiti cha baba, nikamwaga chai. Dawa sijaimwaga. Nimeijaribu chini kwanza, ikaua rangi, nikaacha."

Mama mkwe alimtazama. Ukimya ukaja, ule wenyewe, na Bi Harusi alisimama ndani yake akingoja kudaiwa funguo. Zilikuwa mfukoni. Alizishika mpaka zikamuumiza.

Mwanamke yule alikwenda kwenye kiti, akapiga magoti kwa shida, akaugusa mduara. Akauangalia kwa muda mrefu.

"Mdogo hivi," alisema. Kisha, bila kugeuka, akaonyesha kochi kwa kichwa. "Mimi nilianzia pale. Lilikuwa tone la mchuzi, nikalimwagia dawa. Baba yenu alikuwa kazini, ndiyo kwanza amemaliza kulishona, na mimi nilitaka akirudi akute halina doa."

Alisema kwamba alilifunika siku hiyohiyo, akakibana kitambaa kwa pini, na tangu hapo hakuthubutu kukiinua. Miaka yote ile, kila mzee alipoegemea pale, yeye jikoni alisimama akisikiliza. Alimwogopa mumewe mpaka akamzika, na baada ya kumzika akaendelea kuliogopa kochi.

Akainuka, akakichukua kitambaa mikononi mwa binti yake. Bi Harusi aliona vidole vyake vikipita ukingoni kutafuta kitu, vikarudi, vikapita tena.

"Pini ziko wapi?" aliuliza.

Cherehani akasema hapakuwa na pini, palikuwa na uzi. Mama mkwe aliusogeza uzi uliokatika kwenye mwanga. Ulikuwa uzi mnene wa kushonea makochi, uliopakwa nta, umepigwa mafundo mawilimawili, umepita ndani kwa ndani usionekane. Mshono wa sindano iliyopinda. Ndani ya nyumba ile ni mtu mmoja tu aliyejua kushona hivyo.

Hakulia. Alikunja uso kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali, akabaki hivyo, uzi kidoleni. Bi Harusi hakujua ayapeleke wapi macho yake.

Hatimaye mama mkwe alikiinua kiti cha dirishani, mkamwana akashika upande wa pili, wakakisimamisha mahali pake. Akauliza kama maji baridi matupu yameshajaribiwa pale chini. Bi Harusi akasema bado. Basi yajaribiwe, akasema, kesho mchana, na pakauke kabisa, mahameli hata maji ina kinyongo nayo. Chupa akampa Cherehani arudi nayo kwenye zulia lake.

Bi Harusi akatoa funguo mfukoni, akamnyooshea.

Mama mkwe hakuzipokea. Aligeuka, akajishusha taratibu kwenye kiti cha mumewe, juu ya doa, akaegemea.

"Niletee chai," alisema. "Na yako."