Sado ya Mzee Optatus

Mzee Optatus alistaafu uhasibu serikalini na hakutaka mtu yeyote mtaani kwao Nkuhungu asahau. Mkewe Generosa alipokwenda Mpwapwa kumuuguza dada yake, alimwachia genge lake la nafaka, magunia matatu ya mahindi, kile kindoo cha kupimia kiitwacho sado, na onyo moja: "Sado ni elfu nne. Usiguse bei yangu, Baba Edina. Huo ndio mtaji wote nilio nao."

Angeweza kutii. Lakini msomi na kalamu yake! Alikaa akapiga hesabu: gunia shilingi elfu tisini, usafiri elfu tatu. Gunia lina debe sita, na debe linatoa sado tano, kwa hiyo sado thelathini. Kila moja imemgharimu mkewe elfu tatu na mia moja. Elfu nne ni kuwanyonya majirani! Akashusha hadi elfu tatu na mia tano, akajipongeza kwa chai ya maziwa.

Wateja wakafurika. Wa kwanza alikuwa Sikudhani, mama muuza vitumbua wa nyumba ya pili. Optatus alijaza kile kindoo, akapitisha rula juu kusawazisha. Sikudhani akaangalia mahindi, akamwangalia yeye.

"Baba, hii mbona imenyolewa? Mama huwa anaweka kilima."

Optatus akacheka, akaongeza mpaka mahindi yakamwagika pembeni. Punje chache zitamfilisi nani? Siku nzima aliweka vilima, akiamini watu wamefuata ucheshi wake.

Siku ya nne magunia yakaisha. Alihesabu fedha mara tatu: laki mbili sitini na mbili elfu na mia tano. Magunia yenyewe na usafiri yalikuwa laki mbili sabini na tisa. Alimshuku mwizi, kisha panya. Mwisho akahesabu alama alizochora ukutani kwa kila sado aliyouza. Zilikuwa sabini na tano, si tisini. Kila gunia lilikuwa limetoa sado ishirini na tano tu. Zile tano nyingine zilikwenda kwenye vilima. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Miaka thelathini ya uhasibu, na hakujua bei ya mkewe ilikuwa na kilima ndani yake!

Generosa aliporudi hakufoka, na hilo lilimuumiza zaidi. Alipokea elfu kumi na sita na mia tano za kufidia hasara kutoka kwenye pensheni ya mumewe, akaagiza magunia mengine, akamwambia, "Kesho bei utawatangazia wewe."

Asubuhi Sikudhani akaja na mfuko wake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sado ni elfu nne," Optatus akasema, akitazama chini. "Nilikosea hesabu."

"Tulijua, baba," Sikudhani akasema kwa upole, akihesabu noti. "Mtaa mzima tulijua tangu siku ya kwanza. Tulikuwa tunakuonea huruma, ila tukasema tununue kwanza."