Dengu, Mayai na Saa Tano na Robo

Mpishi mkuu wa mgahawa wetu alinipa siku tatu za kujaribu kuwapikia wafanyakazi wenzangu.

"Watu kumi na wawili. Saa nne na nusu mnakula, saa tano na robo kila mtu kazini. Mteja akingoja kwa sababu yetu, tunarudi kwenye chai na mkate."

Chai na mkate, tena tukiwa wima, ndiyo iliyomfanya Shangazi, mwosha vyombo wetu, ashike ukingo wa sinki kila ikifika saa nane, kichwa kikimzunguka. Mimi ndiye niliyekwenda kumsemea, kwa sauti ya kifaranga.

Maharage niliyaloweka usiku kucha, nikayachemsha alasiri majiko yalipotulia, nikayatandaza kwenye trei ili yapoe upesi, kisha nikayaweka kwenye friji. Asubuhi yake yalihitaji jiko moja tu, mpaka yachemke vizuri pamoja na vishina vya mchicha na karoti zilizobaki kwenye maandalizi. Wali uliivia ndani ya oveni kabla ya kuku wa wateja. Yai moja kwa kila mtu. Saa nne na nusu kamili nikaweka masufuria mezani.

"Mdogo wangu, umetia nini humu?" akauliza Twiga, mhudumu mrefu kuliko mlango. "Mimi leo siinuki."

Kweli hakuinuka. Walijipakulia, wakajipakulia tena, wakaanza hadithi. Mimi niliona haya kuwafukuza. Mteja wa kwanza alipoingia, meza hazikuwa na hata uma.

"Chai na mkate," akasema mpishi mkuu.

"Ulisema siku tatu." Sijui maneno yalitoka wapi.

Akanitazama. "Haya. Kosa lako unalijua?"

"Nilichelewesha?"

"Chakula kilifika kwa wakati. Watu ndio hawakuondoka."

Siku ya pili nilipika dengu, nikapakua mwenyewe kwenye mabakuli, jikoni. Wahudumu kwanza, dakika ishirini, waende kutandika meza. Kisha wapishi na Shangazi. Kila mtu aoshe bakuli lake.

"Tumekuwa watoto wa shule?" Twiga akalalamika.

"Watoto wa shule wana adabu," Shangazi akamjibu. "Sabuni hiyo hapo, baba."

Saa tano na dakika tano meza zote zilikuwa tayari. Siku ya tatu, hata mapema zaidi. Shangazi akamvutia mpishi mkuu kiti.

"Sina muda."

"Unazo dakika kumi. Huyu binti amezihesabu."

Akaketi. Sikuwahi kumwona ameketi. Alikula mpaka bakuli likabaki jeupe, akaenda kuliosha, mikono ikiwa haijui ianzie wapi, huku Twiga akimwelekeza kwa raha isiyofichika.

"Niandikie mpango wa mwezi mzima," akaniambia bila kugeuka. "Na Ijumaa kuna wateja wengi. Ijumaa usipike kitamu sana."