Kadi Moja Yenye "Mwl."

Pale steshenari ya sokoni Kasulu, Prudence, mchapaji wa kadi na barua, hakuwa mtu wa kukosea vyeo. Mhe. anatangulia, Dkt. anafuata, jina linakuja nyuma likiwa limeshachoka. Mchungaji msomi ni Mch. Dkt., na ukishamwandika mtu Dkt. humbandiki tena Bw., hata akikupa soda. Alishawarudisha wengi na karatasi zao.

Sasa kwenye kompyuta ilikuwa kadi ya harusi yake mwenyewe.

Mkwe mtarajiwa, mzee Bazilio, alitoka Kibondo kuja kuihakiki. Aliwahi kuwa diwani kipindi kimoja, wananchi wakampumzisha. Mwaka jana akavaa joho ukumbini Jumamosi moja na kurudi na shahada ya heshima.

"Binti, hapa umeniita Bw. Weka Dkt. Mhe. Bazilio."

"Baba, Mhe. ndiyo inatangulia. Ila inaendana na kiti, na kiti ulishakiacha. Na shahada ya heshima mtu hajiandikii Dkt. …"

"Weka."

Akaweka, Mhe. Dkt., vyote viwili. Mzee akashusha kidole mstari wa pili: *binti wa Mwl. Nduwayezu wa Makere.*

"Mwalimu wa wapi huyu?"

"Mtabila, kambi ya wakimbizi. Alifundisha mpaka inafungwa."

"Ah, kambini! Cheti chake kiko wapi?"

"Kiliungua Burundi na nyumba yao."

"Basi ni Bw. Kadi inasomwa na watu wazito, mama. Wakiuliza nitawaonyesha majivu?"

Prudence akamgeukia mchumba wake, Cadet, aliyejifanya anakagua mashine ya kutolea kopi.

"Pru, mpenzi, si vifupisho tu?" akasema Cadet. "Mpe mzee raha yake."

Raha ya mzee yupi, hakusema. Prudence akaandika Bw., zikachapwa kadi mia mbili. Ila alipobaki peke yake alichapa moja ya ziada, yenye Mwl., akaiweka juu kabisa ya bunda la kupeleka Makere. Kamati ilikuwa imempa baba yake kazi ya kujaza majina ya wageni, kwa kuwa hakuna mwenye mwandiko kama wake.

Huko Makere, Prudence akiwa pembeni, baba yake akaisoma kadi ile mara mbili, akatazama na ya chini yake, yenye Bw. Akatabasamu. Halafu akachukua kalamu nyekundu, akaikata Mwl. kwa mstari mmoja mwembamba, kama anasahihisha daftari, na juu yake akaandika Bw.

"Baba!"

"Unaolewa kwao, mwanangu. Ukianza kwa ugomvi, utakaa na nani?"

Akavuta kadi iliyofuata kwenye bunda, akabadili kalamu na kushika ya bluu. Kwenye nukta za mgeni akaandika: *Dkt. Manirambona.*

"Huyu nilimfundisha kushika penseli," akasema. "Alikuwa anaishika kama jembe."

Akapuliza wino ukauke, akavuta nyingine.