Cherehani cha Mama Kwenye Linki

Tangu asubuhi sikutulia. Nilikaa, nikasimama, nikafagia palipokwisha kufagiwa, na kila simu ilipolia nilikimbilia mezani. Mdogo wangu, tunayemwita Kidole kwa sababu vidole vyake haviachi skrini, alinitazama akacheka.

"Dada, utachimba sakafu. Malipo hayaji kwa kutembea."

"Hayaji pia kwa kukaa kama wewe."

Siku hiyo duka letu la nguo za watoto lilifungua mlango wa pili, ule wa mtandaoni. Kampuni ya malipo ilikuwa imetukubali, na Kidole alikuwa ameondoa funguo za majaribio, ile misimbo inayounganisha duka na kampuni hiyo, akaweka za kweli. Sasa chini ya kila gauni palikuwa na kitufe cha kununua: mteja anachagua pesa za simu au kadi, basi. Shangazi yetu aliye mbali ndiye aliyefungua dimba. Alilipa kwa kadi, benki yake ikamtumia namba ya uthibitisho, akaiweka, na kwetu ikaandikwa "imelipwa". Nilipiga vigelegele peke yangu mpaka jirani akachungulia.

Kitu kimoja hakikuwa na kitufe, kilikuwa na linki yake peke yake. Ni cherehani cha mama, kile cheusi cha chuma, cha kukanyaga kwa miguu, kilichotulisha na kutusomesha sote wawili. Kilikuwa kimekaa palepale nilipotaka kuweka mashine mpya ya kumalizia kingo. Jioni iliyotangulia nilimuuliza mama tukiwa mezani.

"Mama, tukiuze?"

"Uzeni," alisema, akaendelea kufuta meza iliyokuwa safi. "Mimi nashona vifungo tu siku hizi."

Basi nikaona yamekwisha. Mimi ni mtu wa haraka, ukiniambia ndiyo sirudi kukuuliza tena. Kidole akatengeneza linki ya malipo, akaitupa kwenye kundi la wateja wetu, ambalo mama naye yumo kwa ajili ya kutupongeza kwa vidole gumba. Asubuhi Fundi Mapazia, mshonaji wa mtaa wa pili, aliandika kwamba anakitaka na atakuja na mkokoteni.

Lakini asubuhi hiyo pia nilimkuta mama amekikalia. Hakuwa anashona. Alikuwa amelaza kiganja juu ya gurudumu, na aliponiona akasema alikuwa anafuta vumbi, ingawa hakuwa na kitambaa. Nikajifanya sikuona. Ndipo kutotulia kwangu kulipoanza, si kwa ajili ya vitufe kama nilivyomdanganya Kidole.

Jua lilipoanza kuchoma, Fundi Mapazia akafika, jasho likimtiririka, mkokoteni mlangoni.

"Nimelipa, dada zangu. Nibebe tu."

"Sisi hatuangalii picha ya skrini wala maneno," nikamwambia. Hilo tuliliapia mapema, maana picha ya skrini kila mtu anaweza kuitengeneza. "Tunaangalia upande wetu."

Kidole akafungua ukurasa wetu wa malipo. Ilikuwepo: cherehani, pesa za simu, imelipwa.

"Imeingia," akasema.

Nilipaswa kufurahi, lakini moyo uliniuma. Nikakunja mikono ya gauni, mimi na Fundi tukakishika huku na huku, tukakiinua. Pazia la chumba cha nyuma, anakokaa mama, likatikisika kidogo likatulia.

"Ngojeni!" Kidole akapiga kelele. "Kishusheni. Fundi, namba yako ya simu ni ipi?"

Akaitaja. Kidole akasogeza kidole chake chini ya mstari.

"Siyo hii. Aliyelipa ni mwingine. Yako, yenye jina lako, ipo hapa chini, inasubiri. Hukuweka namba ya siri."

"Namba ya siri ipi? Ukurasa uliniambia niangalie simu, nikaangalia, hamna kitu. Nikajua tayari."

Nikamwomba atuonyeshe namba aliyoijaza. Ilikuwa laini yake ya dukani, na simu ya laini hiyo alikuwa ameiacha kwake ikichajiwa. Ombi la namba ya siri lilikwenda huko, likalia mbele ya mapazia, na hakuna aliyelijibu. Tulikuwa karibu tumpe mzigo uliolipiwa na mtu mwingine, kwa sababu tulisoma jina la kitu tusisome namba ya mlipaji.

"Basi nalipa sasa hivi," akasema, tayari anabonyeza. "Linki bado inafunguka."

"Inafungukaje na mtu ameshalipa?" nikamgeukia Kidole.

Akauma mdomo. "Vitufe vya dukani vinahesabu mzigo, kikibaki kimoja kikanunuliwa vinajifunga. Linki haihesabu mpaka uiambie ipokee malipo mara moja tu. Sikuiambia."

"Na huyo aliyelipa ni nani?"

Kwenye sehemu ya jina palikuwa na neno moja, "Mteja". Kwenye maelezo ya kupelekewa: "Nitachukua mwenyewe." Namba ilikuwepo, lakini siku hizi nani anakariri namba? Nikachukua simu mpya ya duka, isiyo na jina la mtu yeyote, nikapiga.

Ikalia nyuma ya pazia.

Mlio ule tunaujua, Kidole ndiye aliyemwekea mama. Nilisimama na simu sikioni nikiisikiliza ikilia mara mbili, sikioni na chumbani. Kidole akafumba mdomo kwa mikono miwili. Wakati huohuo simu ya Fundi ikatetemeka, safari hii kwa laini sahihi, ikimwomba namba ya siri, na kidole gumba chake kikaenda.

"Usiweke!" Nilimshika mkono kwa nguvu mpaka akashtuka. "Ghairi, kaka yangu. Nakuomba, ghairi."

Akanitazama, akatazama pazia, akaghairi. Kidole akaizima linki papo hapo.

Mama akatoka. Alikuwa amejifunga kanga ya kutokea na simu ameikumbatia kifuani, macho yake yakikwepa ya kwangu.

"Mama," nikasema, "si ulisema tuuze?"

"Nilisema. Na nyie mmeuza."

"Ungesema tu hutaki!"

"Ningesema sitaki, ungeniona mzee mwenye kung'ang'ania vyuma. Ungenihurumia." Akanyoosha mgongo. "Mteja haulizwi anataka ya nini. Analipa, anapewa."

Machozi yalinitoka mbele ya mgeni, na sikujali. Pesa zake za vifungo, kimoja kimoja, alikuwa amezitumia kununua kitu chake mwenyewe kutoka kwa wanawe. Nikamwambia Kidole arudishe malipo hayo sasa hivi kwenye simu yake.

"Thubutu!" mama akafoka. "Mkirudisha, kitakuwa chenu tena, na kesho mtaniuliza tena mezani. Nataka risiti."

Kidole, pua imemlowa, akabonyeza. Simu ya mama ikatoa mlio mdogo. Akaisogeza mbali na macho, akasoma polepole, akaridhika.

Fundi Mapazia alikuwa ameshakishika cherehani upande mmoja. Sikumwita, alijiita mwenyewe. "Tunapeleka wapi, mama?"

"Chumbani kwangu, karibu na dirisha. Na taratibu, mzigo wa mteja huo."

Tukakibeba. Kilikuwa kizito kuliko nilivyokumbuka.