Mkanda Uliokatwa Mlangoni

Mwanatumu alishuka kwenye basi Msambweni akiwa na furaha tele, maana alikuwa ametoka Diani kumtazama bintiye aliyejifungua salama. Furaha hiyo haikuvuka uwanja wa nyumba yake. Ilimwishia pale alipouona mlango.

Nyumba yenyewe ilikuwa mpya, ya mawe ya matumbawe, imebakia sakafu, mlango na chokaa tu. Mabati yalikuwa yameshapigwa, na Ijumaa yangesomwa maulidi ya kuiingia. Alipoondoka, nafasi ya mlango wa mbele ilikuwa wazi, ikingojea mlango wa kawaida aliomwagiza seremala. Sasa palisimama hapo mlango wa bibi yake, ule wa mvule wenye nakshi, uliong'olewa katika nyumba kuukuu ya ukoo. Ulikuwa mzuri, hilo halina ubishi. Lakini ulikuwa mrefu kuliko nafasi kwa zaidi ya futi moja, na mwenye macho aliona futi hiyo imepatikana wapi. Walikuwa wameukata mkanda wa zege.

Mkanda huo ulikuwa umezunguka kuta zote nne, juu ya milango na madirisha, bila kukatika popote. Ndani yake mlikuwa na nondo nne zilizokunjwa pembeni na kupishanishwa, zikafungwa kwa waya. Mwanatumu alikuwa ameukataa mchanga wa ufukweni kwa sababu chumvi yake hula chuma, akagharimia wa mtoni. Alikuwa ameumwagia mkanda maji asubuhi na jioni mpaka majirani wakamcheka kwamba amepanda mchicha juu ya ukuta. Na sasa mtu alikuwa ameutia tindo na msumeno wa chuma, akautoa kipande kizima juu ya mlango, akala na safu moja ya mawe hapo juu. Iliyobaki ni safu moja tu ya mawe, na juu yake mbao za paa, vyote vimekaa kwenye kizingiti cha juu cha mlango wa marehemu bibi.

Fundi Salimu alikuwa ndani akipiga sakafu. Alipomwona mwenye nyumba alisimama na mwiko mkononi.

"Nani amekata?" Mwanatumu aliuliza.

"Mjomba wako, Mzee Chirau, aliniamuru. Nilimwambia tungoje urudi."

"Nawe ukakata."

"Ni mzee wa ukoo, dada. Ningemwambiaje?"

"Ungemwambia yale uliyoniambia mimi. Si wewe uliyenifundisha kwamba mkanda huu hufanya kazi mbili? Juu ya nafasi hubeba mawe na paa, ukiupeleka uzito kwenye kuta za kando. Na nyumba nzima huifunga, kama pete inavyofunga pipa, ili paa lisizisukume kuta nje. Pete ikikatwa mahali pamoja tu, pipa lina nini tena?"

Salimu alitazama chini. Hapo Mwanatumu alimchukia kuliko mwanzo, kwa sababu mjinga husameheka, lakini huyu alijua na akakata kwa mikono yake mwenyewe. Heshima gani hiyo ya kumpa mzee nyundo avunje nyumba ya watu?

Aliutikisa mlango. Ubao ulisugua juu, ukakwama nusu ya njia. Akainua macho. Kutoka pembe ya nafasi ulikuwa umeanza ufa mwembamba, ukipanda kwa mshazari kuelekea paani. Methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua, na huijua zaidi ufa ukiwa kwa jirani.

Chirau aliingia uwanjani kwa mwendo wa mtu anayetarajia kushukuriwa.

"Shikamoo, mjomba," alisema Mwanatumu, na hakuna shikamoo iliyowahi kutolewa kwa meno yaliyobana namna ile.

"Marahaba. Umeuona mlango wa bibi yako? Wazee wa Ijumaa watapita chini ya jina la ukoo."

"Watapita chini ya mawe yasiyoshikwa na kitu."

"Yameshikwa na mvule. Mimi nimejenga nyumba tatu kabla hujazaliwa. Ukuta ni wa kuziba upepo tu. Nyumba hubebwa na nguzo, na miimo ya mlango huu ni nguzo mbili imara."

Ndipo Mwanatumu alipoelewa, na kuelewa hakukumpoza hata kidogo. Nyumba tatu za Chirau zilikuwa za fito na udongo. Huko nguzo zimechimbiwa ardhini, zinabeba paa, na udongo umejazwa kati yake. Ukitaka dirisha unatoboa popote, na nyumba haina habari. Mzee alikuwa amehamia kwenye mawe na akili ya udongo.

"Hapa hakuna nguzo, mjomba. Ukuta wenyewe ndio nguzo. Hiyo miimo imesimama juu ya kizingiti na kabari. Hata ikibeba, haivuti. Haiwezi kuushika ukuta wa kulia usiachane na wa kushoto. Na mlango umeshaanza kukwama."

"Mbao zimevimba."

"Kwa jua hili la kaskazi? Mbao zinanywea siku hizi. Kilichoshuka ni paa."

Chirau alikunja uso. "Ardhi hii ni ya mama yako, ambaye ni dada yangu, na mimi ndiye mwangalizi wake. Mlango hautoki."

Mwanatumu alihisi hasira inampanda hadi masikioni. Kwa miaka mingi alikuwa amekamua nazi na kuuza mafuta yake ili wanawe walale chini ya mawe, na mawe hayohayo mtu ameyageuza mtego kwa ajili ya sifa. Aliingia ndani, akatoka na mkeka, akautandika kizingitini, chini kabisa ya ule ufa.

"Basi keti hapo, mjomba. Keti mpaka adhana ya alasiri. Ukiketi na moyo wako umetulia, sisemi neno tena."

Mzee alimtazama, akamtazama Salimu, kisha akaketi. Alikunja miguu, akatoa tasbihi, akaanza kuivuta. Salimu alipotaka kusema kitu Mwanatumu alimnyamazisha kwa jicho. Wakakaa hivyo. Upepo ulipopita bati lilitoa mlio, na vumbi jembamba la chokaa likamwangukia Chirau begani. Hakulipangusa, lakini tasbihi ilisimama.

Mke wa Chirau, Bi Mbeyu, akaja kutoka barabarani na dele la kahawa. "Loo, mmekalishana mlangoni," alisema, akainua mguu ampite mumewe aingie ndani.

"Simama hapo," Chirau alisema upesi. "Usipite hapa. Zunguka uani."

Bi Mbeyu alibaki na mguu juu. Aliutazama ufa, akaufuata kwa macho mpaka paani, akamrudia mumewe.

"Mimi nizunguke," alisema. "Na wageni wa Ijumaa ulitaka kuwapitisha wapi?"

Chirau aliinuka kwa kushika miimo, kisha akaiachilia haraka.

Mwanatumu hakumpa hata nafasi ya kuomba radhi. "Salimu, lete boriti. Tegemeza paa pande zote mbili kabla hujagusa msumari mmoja. Ukishatoa mlango, vunja zege futi mbili kila upande mpaka nondo zitoke, ufunge nyingine juu yake, umwage upya pale pale ulipokata. Na boriti haziondoki kabla ya wiki tatu."

"Na maulidi?" Chirau aliuliza kwa sauti ndogo.

"Yatasomwa uani, mjomba. Nawe ndiwe utakayewaambia wazee kwa nini."