Beseni Lililobaki Njiani

Hakuwa na gari. Hakuwa na kiti cha magurudumu kama cha mhasibu, wala feni, wala mlango wa ofisi unaofungika bila kupigwa teke. Hakuwa na subira. Hakuwa na shemeji anayesemezana naye. Hayo yote angeyavumilia. Kilichomkosesha raha ni kwamba hakuwa na barua ya kuthibitishwa kazini. Alikuwa kaimu mtunza stoo wa tawi la juu kwa miaka mitatu, mpaka watu wakaliacha jina lake wakamwita Kaimu, sokoni hadi nyumbani. Mkewe akiwa na hasira alimwita mezani kwa kusema, "Kaimu mume, chakula kinapoa."

Biashara yenyewe ilikuwa ya vyombo vya nyumbani, matawi mawili, mali ya mama mmoja ambaye wafanyakazi walimwita Bi Mkubwa. Sauti yake ilikuwa ya upole, na ndiyo iliyoogopwa. Bidhaa zikipelekwa kutoka tawi moja kwenda jingine, ziliandikiwa hati ya uhamisho, nakala tatu zenye kaboni katikati. Mtumaji anahesabu, anajaza idadi aliyotuma, anatia saini. Dereva naye anatia saini kwamba amebeba. Nakala ya njano inabaki kitabuni, mbili zinasafiri na mzigo. Mpokeaji anahesabu upya, anajaza idadi aliyopokea, anatia saini, anabaki na ya waridi na kuirudisha nyeupe. Idadi mbili zikilingana, mambo yamekwisha. Zisipolingana, kilichopungua kinahesabiwa kuwa kiko njiani, hakimo huku wala kule, na mhasibu hawezi kufunga mwezi.

Chini ya hati palikuwa na kisanduku cha maelezo. Kiliwekwa kwa ajili ya maneno kama "kifuniko kimepasuka". Kaimu na mtunza stoo wa tawi la chini walikigeuza uwanja wa vita.

Huyo wa chini alikuwa kaka wa mkewe Kaimu. Aliitwa Miwani, kwa sababu alivaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Waliacha kusemezana tangu siku ya antena ya mama mkwe. Kaimu alipanda juu ya paa kuigeuza, Miwani akabaki sebuleni kusema "bado, bado, kidogo tena". Picha ikatulia, mpira ukaanza, Miwani akakaa. Hakuna aliyemwambia Kaimu ashuke. Alisimama juu ya mabati amekumbatia antena kipindi kizima cha kwanza, anasikia watu wakishangilia chini ya miguu yake.

Tangu hapo waliandikiana tu. "Sahani zimefika. Zimefungwa kama mzigo wa mtu anayehama kwa kufukuzwa," Miwani aliandika. Kaimu alijibu kwenye hati iliyofuata: "Ndoo zina mishikio. Mishikio ni ya kushikia."

Mwezi ule Kaimu alituma mabeseni mia na ishirini, rangi ya buluu, mafungu kumi na mawili ya kumi kumi, yaliyopachikwa moja ndani ya jingine. Aliyahesabu mara mbili. Fungu la mwisho liliwekwa juu ya mengine, na kamba ya turubai ikagoma kulifikia.

"Kamba fupi hii," dereva alisema.

"Si fupi. Mzigo ndio mrefu," Kaimu alijibu. Akapanda, akalikalia lile fungu kwa uzito wake wote, na uzito alikuwa nao. Fungu likashuka, likalia kama chura. "Funga sasa!" Dereva akafunga.

Hati nyeupe ilirudi alasiri. Idadi iliyopokelewa: mia na kumi na tisa. Maelezo: "Pungufu moja. Mtumaji afundishwe kuhesabu, vidole anavyo."

Kaimu alivuta kiti mpaka kikaanguka. Akaandika barua ndogo, akaibana kwenye hati: "Yametoka mia na ishirini. Mpokeaji achague miwani moja." Dereva aliisoma, akawaka.

"Kwa hiyo mwizi ni mimi? Niliibe beseni, nikaoge wapi, kwenye usukani?"

"Hakuna aliyekutaja, ndugu yangu."

"Saini yangu si hiyo hapo katikati yenu? Nyie mkigombana, nyasi ni mimi!"

Makaratasi yale yalifika mezani kwa Bi Mkubwa. Alimpigia Kaimu simu. "Mwanangu," alisema, na Kaimu akasimama ingawa hakuna aliyemwona. "Nilifungua duka la vyombo, sikufungua gazeti. Barua yako ya kuthibitishwa nimeshaiandika, iko kwenye droo. Kesho dereva atakuletea hati nyeupe, uende nayo tawi la chini, mhesabu wote wawili pamoja. Nataka idadi moja na saini mbili kabla duka halijafungwa. Nisipoipata, barua itabaki kwenye droo, na ukaimu utaufanya mpaka ustaafu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Mzigo wenye mgogoro hauuzwi, na Kaimu alijua shemeji yake ameuweka kando, amesimama nao kama askari. Mia na kumi na tisa itabaki mia na kumi na tisa hata wakihesabu mpaka ndimi zikauke. Hapo ndipo mtu mwenye haraka hupata akili ya haraka. Nyumbani kwake kulikuwa na beseni la buluu la aina ileile, ambalo mkewe alilinunua dukani kwao.

Asubuhi alilichukua uani, akalisuuza juu juu, akalifunika kwa gunia, akaliweka miguuni pake ndani ya gari.

"Hilo nini?" dereva aliuliza.

"Mambo ya nyumbani."

"Mambo ya nyumbani ya mviringo?"

"Endesha gari."

Stoo ya tawi la chini ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja. Miwani alisimama mlangoni na daftari.

"Karibu," alimwambia dereva.

"Mwambie nimekaribia," Kaimu alimwambia dereva.

"Mimi si redio," dereva alisema. "Mna midomo. Tena mmoja wenu atanipa maji ya kunywa."

Miwani alipoingia ndani kuleta maji, Kaimu alilipachika beseni lake juu ya fungu la karibu. Kisha wakahesabu. Kila mmoja alipitisha kidole kwenye kingo za mabeseni, fungu kwa fungu, wakitaja namba kwa sauti, kila mmoja akitaka yake isikike zaidi. Wakafika mwisho.

"Mia na ishirini!" Kaimu alisema, akaifikiria droo ya Bi Mkubwa ikifunguliwa.

Miwani alishusha miwani ya kichwani akaivaa juu ya ile ya machoni. "Juzi mia na kumi na tisa. Jana mia na kumi na tisa. Leo umeingia wewe, mia na ishirini. Mabeseni yanazaa?"

"Ulikosea. Binadamu hukosea. Tia saini."

Miwani alizunguka mafungu. Akainama, akanusa. Akagusa ndani ya beseni la juu, akakinyanyua kidole chake kwenye mwanga wa dirisha.

"Povu," alisema.

Dereva alisogea kuona. Wakati huohuo simu ya Kaimu ikaita mfukoni. Hakuipokea. Ikaita tena. Miwani akanyoosha mkono. "Bila shaka ni dada yangu huyo. Ipokee, tumsalimie."

Kaimu akabonyeza, na sauti ikajaa stoo nzima bila msaada wa spika: "Wewe mwanamume! Nguo za watoto nimezikuta zimemwagwa sakafuni! Beseni langu liko wapi?"

"Dada," Miwani alisema taratibu, "beseni lako limeajiriwa. Limeripoti kazini asubuhi hii."

Dereva alicheka mpaka akakaa juu ya kizingiti. Kaimu alikata simu. Hakuwa na pa kutazama ila sakafuni.

"Piga simu kwa Bi Mkubwa, umwambie," alisema. "Ni haki yako. Lakini kwa jina la mama mkwe, mabeseni mia na ishirini yalitoka kwangu. Niliyahesabu mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia kitu moja kwa moja, bila karatasi. Miwani alimtazama usoni. Mtu aliyedanganya kwa beseni moja, alifikiri, hawezi kuwa na uso ule kama anadanganya na kuhusu yale mengine.

"Toa la dada," alisema. "Tuhesabu upya. Lakini si kwa kingo. Tutoe moja moja, kila moja likae chini peke yake."

Wakaanza. Mabeseni yakatandazwa stoo nzima, yakajaza njia, yakatoka mpaka barazani. Dereva akapewa kona ya kusimama, akazungukwa. Walipolifikia fungu moja la mwisho, beseni la juu lilikuwa zito kidogo. Miwani akaligeuza. Akaligonga. Lilitoa sauti nene, si kama mengine.

"Hili lina mwenzake ndani," alisema. "Ukingo umemeza ukingo. Nani amelikandamiza hivi?"

Dereva alimwangalia Kaimu. Kaimu akakohoa. "Kamba ilikuwa haifiki. Nikalikalia kidogo."

"Kidogo?"

"Nilikaa."

Miwani alivuta, halikutoka. Kaimu alivuta, halikutoka. Ikabidi mmoja ashike la ndani na mwingine la nje, mguu kwa mguu, kila mtu akiegemea upande wake.

"Vuta, shemeji!"

"Navuta! Wewe shika, usiachie kama ulivyoniachia juu ya paa!"

"Mpira ulikuwa mzuri, shemeji, ningefanyaje?"

Beseni likalia kama mlango wa zamani, likaachia ghafla. Kaimu alirudi kinyumenyume akakaa ndani ya mabeseni matatu. Miwani aliangukia mafungu ya sahani za plastiki, miwani zote mbili zikaruka. Wakabaki chini, kila mmoja na beseni lake kifuani, wakicheka kama walevi.

"Mia na ishirini," Miwani alisema. "Na moja la dada pembeni."

Hati iliyokwisha kusainiwa haifutwi kwa kukwaruzwa. Walipitisha mstari mmoja juu ya idadi ya zamani, namba yake ikabaki kusomeka, wakaandika mpya pembeni, wote wawili wakatia saini na tarehe, kwenye nyeupe na kwenye ya waridi, na Kaimu akaahidi kufanya vivyo hivyo kwenye ya njano kitabuni. Kisha ikaja kazi ngumu: barua ya maelezo kwa Bi Mkubwa.

"Andika joto," Kaimu alisema. "Joto hugandisha plastiki."

"Joto halina makalio. Andika ulilikalia."

"Basi andika nawe kwamba ulihesabu kingo mara mbili bila kuyatenganisha."

Miwani alitafuna kalamu. "Tuandike yote mawili. Na beseni la dada?"

Kaimu alishusha pumzi. "Nalo liandikwe. Bi Mkubwa akilisikia kwa dereva, itakuwa mbaya zaidi."

"Kweli kabisa," dereva alisema kutoka konani. "Mimi hili silinyamazii."

Miwani aliandika, Kaimu akasoma kila mstari na kuongeza nukta mbili zilizosahauliwa. Mstari wa mwisho Miwani aliuandika mwenyewe, akauziba kwa kiganja mpaka wino ukauke: mtumaji alikuwa sahihi tangu mwanzo, na tawi la chini linaomba athibitishwe. Kaimu aliusoma mara moja tu. Akajifanya kutafuta leso.

Wakakunja barua pamoja na hati nyeupe, wakaziingiza kwenye bahasha. Kaimu akalamba ukingo, Miwani akaukandamiza kwa ngumi. Wakamkabidhi dereva.

"Bahasha ngapi?" Miwani aliuliza, kitabu mkononi.

"Moja, jamani!"

"Tia saini."

Dereva akatia saini, akaitia bahasha kifuani, akawasha gari, saa ya kufunga duka bado haijafika.