Chumba cha Mbele katika Nyumba ya Urbain

Urbain Mwanza alikufa akiwa amekwisha kuupasua ukuta wa mbele wa nyumba yake, lakini kabla hajatia kitu ndani. Alikuwa mfanyakazi wa reli hapa Kamina, mtu wa kuweka mataruma chini ya vyuma vya reli, na kwa miaka mitatu alikuwa akirudi jioni na matofali mawili matatu ya kuchoma kwenye baiskeli. Alijenga chumba kimoja kilichoelekea barabarani. Akakitia mlango wake peke yake, na dirisha pana lenye ubao wa kushusha, ili ubao ukishushwa uwe meza ya kuuzia. Alisema kitakuwa duka. Duka la nini, hakusema. Maji yalijaa mapafuni mwake mwezi wa saba mwaka wa 1953, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amezikwa.

Aliacha mke, Augustine, na mabinti wawili wadogo. Aliacha pia kaka mkubwa, Umba, aliyekuwa akifanya biashara ya samaki kule Kinkondja, ziwani. Karatasi za kiwanja zilikuwa kwa jina la marehemu, na kwa desturi pamoja na sheria ya mji, neno la mwisho juu ya nyumba hiyo sasa lilikuwa la Umba.

Umba alikuja baada ya matanga. Alisimama katika chumba kile kitupu, akagonga ukuta kwa vidole kama mtu anayepima mtungi.

“Mama Augustine,” akasema, “nyumba ya ndugu yangu haitakufa pamoja na yeye. Hii chumba ifanye kazi. Ikifanya kazi, weye na batoto mubaki. Ikilala, nitatia muntu mwingine ndani.”

“Kazi gani, Baba Umba?”

“Samaki. Minyi niko na samaki. Weye uko na mulango kwa barabara. Unatafuta nini tena?”

Samaki wakaja, vitunga kumi na viwili vya samaki wa moshi, kwa mashua hadi Bukama na kwa treni hadi Kamina. Augustine akawapanga chini, juu ya mikeka, kwa maana hapakuwa na rafu. Juma la kwanza walinunuliwa vizuri. Kisha mvua ya mwezi wa kumi na moja ikafunguka.

Chumba kile hakikuwa na dari. Mchana mabati yaliwaka kama sufuria, na usiku ubaridi ulitiririka ukutani. Samaki wa moshi hakubali mambo mawili hayo kwa pamoja. Alifyonza unyevu, akalainika, akaota ukungu mweupe kwenye mbavu, kisha wakaingia wadudu wadogo weusi wanaokula mpaka ibaki ngozi na mifupa. Kule ziwani dawa yake inajulikana: unamrudisha samaki motoni, unamkausha upya. Lakini katikati ya mji, ukuta kwa ukuta na majirani, nani angewasha moto wa kukaushia samaki siku nzima? Alijaribu mara moja uani, na mkaguzi wa afya akamwamuru auzime mbele ya macho yake.

Vitunga saba vilizikwa nyuma ya nyumba. Harufu haikuzikwa. Ilipenya katika blanketi za watoto, na Jumapili kanisani wanawake walisogea kidogo kwenye benchi. Augustine alitazama mbele tu, altareni, lakini shingo yake ilikuwa ya moto.

Umba aliposikia alikuja akiwa amekasirika. “Samaki hawana kosa,” alisema. “Kosa ni ya mwenye kuwalinda.” Baadaye, alipotulia, akatoa shauri jipya: bia. Baada ya Pasaka angeleta mabenchi na makreti, na karatasi ya ruhusa angeitafuta mwenyewe. Wafanyakazi wa reli wana kiu, na wale wanaojenga Base, kambi kubwa ya jeshi, wana kiu kuwazidi.

“Batoto banalala nyuma ya ukuta huu, Baba Umba.”

“Batazoea.”

Akaondoka. Hazikupita siku nyingi, akaja bwana mmoja karani wa Base, jina lake Ngalamulume, mtu wa Kasai, mwenye viatu vilivyong'aa na maneno ya taratibu. Alitaka kukipanga chumba, yeye na mkewe Tshiela, ambaye angeuza vitambaa dirishani. Angelipa kila mwisho wa mwezi bila kukosa. Lilikuwa shauri la maana kuliko yote aliyokwisha kuyasikia, na Augustine alijua. Lakini karani alitaka ufunguo wa mlango wa mbele uwe wake peke yake, na haki ya kupita uani mchana na usiku. Mjane asiye na karatasi kwa jina lake akishamkabidhi mtu ufunguo wa barabarani, siku ya kumtoa atasimama juu ya nini?

“Niachie nifikiri, Bwana Ngalamulume.”

“Fikiri, Mama. Lakini chumba kitupu kinazeeka upesi kuliko chenye mutu.”

Neno hilo lilimkaa moyoni. Kesho yake aliushusha ubao wa dirisha, akaketi nyuma yake na kazi ya kushona, na kwa mara ya kwanza tangu kifo cha mumewe akaitazama barabara yenyewe. Alitazama kwa majuma mawili. Wanaume wa reli walipita alfajiri wakiwa wamekwisha kula makwao, na jioni walikata njia kupitia kichochoro. Malori ya Base hayakusimama. Wanawake wa sokoni walipinda kabla ya kufika kwake. Umba angeuza bia kwa nani, na Tshiela vitambaa kwa nani?

Waliopita mlangoni mwake walikuwa watu wengine. Walishuka kwenye treni, wakaelekea hospitali iliyokuwa mwisho wa barabara hiyo. Wengi wao wanawake, kutoka Mulongo, kutoka vijiji vya mtoni, sufuria kichwani, mkeka kwapani, macho chini. Hao walisimama. Mmoja aliomba maji. Mwingine aliomba kaa la moto. Wa tatu aliuliza kama anaweza kuacha mzigo wake mpaka jioni. Wote waliuliza lile lile mwishoni: hapa mtu analala wapi?

Augustine alijua jibu. Urbain alipokuwa akifa, yeye alilala siku ishirini na sita chini ya mchirizi wa paa, nyuma ya jiko la hospitali, pamoja na wanawake wengine kama magunia. Wagonjwa walipewa vitanda. Wanaowapikia hawakuwa na mahali. Aliibiwa sufuria usiku wa tatu, na uji wa mwisho wa mumewe aliupikia ndani ya kopo.

Aliacha kushona. Siku hiyo hiyo alikwenda kununua chokaa.

Alisugua sakafu kwa maji ya moto na majivu, akapaka kuta chokaa mara mbili, akaacha mlango na dirisha wazi siku kumi mpaka harufu ya samaki ikachoka. Akatengeneza vitanda vitatu vya miti, akatandika mikeka. Alipigilia vigingi ukutani, kila mgeni na chake, kwa sababu mzigo ukilala chini unachanganyikana na wa mwenzake na ugomvi unaanza. Uani akaweka mafiga ya majiko mawili. Kisha akaenda ofisi ya mkuu wa mji wa Waafrika kuuliza.

Pale aliambiwa waziwazi. Wageni waandikishwe kila mmoja kwa karatasi yake ya safari. Wanawake tu, wasizidi sita. Na ili iwe kazi ya kudumu, lazima mwanamume mwenye nyumba atie sahihi.

“Mwenye nyumba iko Kinkondja,” alisema Augustine.

“Basi ungojee afike,” karani wa ofisi akajibu. “Kwa sasa, uandikishe tu wageni wako.”

Mgeni wa kwanza aliitwa Noémie, mwanamke wa Mulongo, aliyekonda, mwenye sauti ndogo. Mumewe, Lazare, mvuvi, aliletwa akiwa na tumbo lililojaa maji. Noémie alikuwa na kibuyu cha mafuta ya mawese na unga kidogo, basi. Augustine aliyapokea mafuta. Asubuhi Noémie alichota maji ya nyumba nzima, akapika, akabeba sufuria hospitalini, akarudi adhuhuri. Katika juma la pili walikuwa wanne, na mwenye chochote alilipa, na asiye nacho alitwanga.

Alhamisi kabla ya Jumapili ya Matawi, Lazare alikufa. Noémie alirudi saa nne asubuhi na sufuria ikiwa bado imejaa. Aliiweka chini polepole, kama kitu kinachoweza kuamka, kisha akaketi sakafuni akafungua kitambaa cha kichwa. Wenzake walimzunguka. Hapo kilio kikaanza.

Jioni ile, kabla ya wakati wake, Umba akafika. Nyuma yake wachukuzi wawili walisukuma mkokoteni wenye mabenchi. Aliusukuma mlango wa mbele, akawaona wanawake wanaolia sakafuni. Alivua kofia.

“Nani amekufa?” aliuliza kwa Kiluba.

“Muntu wa Mulongo, Baba. Huyu njo bibi yake,” alisema Augustine.

Umba alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu wa kufukuza matanga. Anayefukuza matanga ya mwenzake anayaita ya kwake. Akaamuru mabenchi yashushwe uani, wakayakalia watu wa Mulongo waliofanya kazi relini, waliokuja na kuni na unga. Alikaa nao siku tatu.

Siku ya nne alimwita Augustine kando.

“Mateso ya bantu haiko biashara,” alisema.

“Minyi siuzishe mateso, Baba Umba. Ninauzisha moto, na maji, na mukeka. Mateso banakuja nayo benyewe.”

“Bia ingeleta mingi kuliko hii.”

“Nimetazama barabara. Bantu ba bia habapite hapa.” Kisha akalisema lile ambalo hakuwa amelisema kwa mtu. “Ulipokuja kumuona Urbain hospitalini, ulilala wapi?”

Umba aligeuza kofia mikononi. “Gare, kwa treni. Juu ya magunia.”

“Minyi nililala chini ya paa, baridi ikinipiga mugongo. Yeye ndani alikuwa ananiita, na mulango ulikuwa umefungwa. Nilimusikia.”

Umba aliutazama ukuta mweupe. Hakujua habari hiyo. Akauliza: “Alikuita?”

“Mara mbili.”

Kesho yake alikwenda ofisini na kutia sahihi. Hakukosa masharti yake: dirishani patauzwa samaki wake, kitunga kimoja kimoja, wakati wa kiangazi tu, na wasilale ndani. Augustine alikubali. Ngalamulume alipokea jibu lake kwa adabu, lakini tangu siku hiyo alimsalimu kwa mbali.

Noémie aliondoka baada ya Pasaka. Augustine alimsindikiza hadi gare, wakaketi mpaka treni ya Bukama ikaja. Noémie aliushika mkono wake, akauachia, akapanda. Treni ikaondoka.

Aliporudi, wanawake wawili wageni walikuwa wamesimama mlangoni, mmoja mzee, mmoja kijana, vumbi la safari miguuni. Yule kijana alianza haraka kufungua kibindo atoe karatasi zao.

“Karatasi itakuja nyuma,” alisema Augustine, akiupokea mzigo wa mzee kichwani. “Kwanza muniambie. Mugonjwa ni nani?”